Taito za faharasa ya sola hazipati watu? Angalia dalili hizi kwanza

Kama una websaiti inayoeleza maneno ya sola kwa Kiswahili, yaani inveta, kontrola, MPPT, Ah, Wp na mengine ya aina hiyo, na peji zina miezi kadhaa hewani lakini watu hawaingii, anza kukagua taito kabla hujaanza kuandika upya maelezo. Mara nyingi unakuta maelezo yako sawa kabisa, fundi anayejua kazi kayaandika, picha zipo, ila yule mtu aliyesimama dukani ameshika boksi limeandikwa MPPT 30A hatokutana nayo kwa sababu yeye kaandika kitu kimoja kwenye simu na taito yako inasema kitu kingine. Nimeichagua sola kwa sababu maneno yake yanamkuta mtu wa kawaida kabisa, kapewa kotesheni ina mistari sita, mistari minne haelewi, na anatakiwa atoe hela kesho.

Fungua Search Console, chombo cha Google cha wenye websaiti, ingia Performance, washa zote nne: Clicks, yaani klik, Impressions, yaani mara peji ilizotokea kwenye matokeo, CTR, yaani asilimia ya hizo zilizopata klik, na Position, yaani nafasi yake kwenye matokeo. Alafu chagua peji moja tu, usisome jumla ya websaiti nzima maana jumla inaficha kila kitu, ukishaichagua nenda Queries uone watu waliandika nini mpaka wakaiona. Ukitaka kuwaona wale wanaoanza tu, weka filta ya Query, chagua Custom (regex), bandika hii:

```
ni nini|maana|kazi ya|tofauti
```

Jua tu kwamba Google haionyeshi maneno yaliyoandikwa na watu wachache sana, na kwa Kiswahili hao ni wengi, kwa hiyo ukijumlisha klik za kwenye orodha hazitafika ile jumla ya juu. Hapo hakuna kilichoharibika.

Dalili: Impressions hamna kabisa, au ni za kuhesabu kwa vidole

Hapa kuna sababu mbili na zinatofautiana sana kwenye tiba, kwa hiyo zitenganishe kwanza. Chukua anwani ya peji uiweke kwenye URL Inspection. Ikikujibu URL is not on Google, taito haihusiki bado, peji yenyewe haimo. Shuka chini usome sababu. Kwenye faharasa sababu inayojirudia ni `Crawled - currently not indexed`, yaani Google ilikuja, ikasoma, ikaamua kutoiweka, na ukiifungua peji yenyewe unakuta ina sentensi mbili: "Wp ni kipimo cha uwezo wa paneli. Kirefu chake ni wati pik." Basi. Faharasa nyingi zinajengwa hivi, kila neno na peji yake hata kama halina cha kusema, mwisho una peji themanini na hamsini kati ya hizo ni mifupa mitupu.

Tiba yake ni kuyakusanya. Maneno mafupi yanayokaa pamoja yaweke peji moja, kwa mfano yale yote yanayosomeka kwenye stika ya nyuma ya paneli: Wp, Voc, Vmp, Isc, Imp. Taito ya peji hiyo isiwe "Faharasa ya Paneli", iwe kitu anachoweza kukiandika mtu aliyeigeuza paneli akaona herufi hizo: "Maana ya Voc, Vmp, Isc na Imp kwenye paneli ya sola". Peji ya peke yake yape maneno ambayo kweli yana maswali yake, inveta, kontrola, MPPT, betri ya lithiamu, DoD.

Sababu ya pili ni pale URL Inspection inapokwambia URL is on Google, yaani imo, lakini bado hakuna anayeiona. Hapo sasa ndio taito. Na kwa faharasa za Kiswahili kosa ni lile lile kila ninapokagua: taito imebeba neno ambalo mtu anaeanza hajawahi kuliona popote. "Kigeuza Mkondo". "Kidhibiti Chaji". Sina ugomvi na maneno hayo, yatumie ndani ya maelezo kadiri unavyopenda, lakini fikiria mtu anayekutana na kitu hiki kwa mara ya kwanza anakutana nacho wapi. Anakutana nacho kwenye boksi, kwenye kotesheni, kwenye skrini ya kifaa, au mdomoni kwa fundi. Akikisoma kwenye boksi ataandika "inverter" herufi kwa herufi kama anavyoiona. Akikisikia kwa fundi ataandika alivyosikia, "inveta", "inverta", "kontrola", "kontrol chaja". Hakuna hata sehemu moja kati ya hizo nne inayomwambia kigeuza mkondo.

Kwa hiyo kanuni ninayoitumia mimi: mwanzo wa taito weka neno lilivyoandikwa kwenye boksi, kisha mkia wa Kiswahili ambao watu wanaubandika, na lile la kusikia mdomoni liingize kwenye sentensi ya kwanza ya peji. Mikia ni michache tu, "ni nini", "maana ya", "kazi ya", "inafanyaje kazi". Usitengeneze peji nne kwa mikia minne, anayeuliza "inverter ni nini" na anayeuliza "kazi ya inverter" ni mtu yule yule mwenye shida ile ile, mmoja kachelewa kulala tu na mwingine kawahi kuamka kuandika. Peji moja inawatosha wote.

Kujua watu wanaandikaje usikae ukakisia. Fungua brauza kwa hali ya incognito ili historia yako isikupotoshe, andika "inverter ni" usibonyeze kutafuta, soma mapendekezo yanayoshuka. Kisha "kazi ya inv", kisha "tofauti ya mppt". Fanya hivyo kwa kila neno, andika pembeni. Google Trends kwa maneno ya aina hii mara nyingi haina data ya kutosha kwa Kiswahili, usikate tamaa nayo na usiiamini ikikwambia neno halitafutwi. Chanzo kizuri kuliko vyote ni meseji za wateja. Muombe mwenye duka akuonyeshe WhatsApp ya biashara, soma watu wanavyouliza kwa maneno yao wenyewe, "habari, hiyo mppt ndo nini na lazima niwe nayo?" Hiyo hapo ni taito karibu nzima. Na kama wasomaji wako wengi wako Kenya kumbuka wao watasema stima, wa Bara na Zanzibar watasema umeme, hayo yote mawili yaingie kwenye maandishi hata kama taito inabeba moja.

Dalili: Impressions nyingi, Clicks hazipo

Watu wengi wakiona hivi wanakimbilia kuongeza mbwembwe kwenye taito. Angalia Position kwanza. Kama ni 30 au 40 maana yake peji inatokea kurasa za nyuma huko ambako karibu hakuna anayefika, na hata ukiandika taito nzuri namna gani hakuna wa kuisoma. Hilo ni tatizo la peji yenyewe na websaiti kwa ujumla, usiligeuze kuwa la taito. Dalili hii ni ya taito pale tu Position ikiwa juu, tuseme 4 au 6, Impressions zimepita elfu moja na klik ni tano.

Ukishahakikisha hilo, ingia kwenye Queries uangalie hayo maneno yaliyoleta Impressions. Kwa peji ya inveta kuna mtego ambao nimeuona mara nyingi. Neno inverter halimilikiwi na sola. Kuna friji za inverter, kuna AC za inverter, kuna mashine ya kuchomelea inaitwa inverter. Mtu kaona tangazo la friji "inverter compressor, inatumia umeme kidogo", akaandika "inverter ni nini", Google ikamletea peji yako, akaona inazungumzia betri na paneli, akapita. Hakukosea na wewe hukukosea kwenye maelezo, taito tu haikusema ni inverter ipi. Kwenye Queries utaona "inverter fridge ni nini", "ac ya inverter maana yake", na zote zimekaa na sifuri upande wa Clicks. Tiba ni kuongeza neno la fani mapema kabisa:

```html
<title>Inverter ya sola ni nini? Kazi yake na ukubwa unaokufaa</title>
```

Impressions zitashuka baada ya hapo. Ziache zishuke, zile zilikuwa za watu wa friji. Unachotaka kuona ni CTR ikipanda. Mtego huo huo uko kwenye DoD, ambayo duniani inajulikana zaidi kama kifupi cha wizara ya ulinzi ya Marekani kuliko kiwango cha kuimaliza betri, kwa hiyo "DoD ni nini" peke yake ni taito ya kupoteza, "DoD ya betri ni nini" ndiyo taito. Na controller, ambayo vijana wengi wanaijua ya gemu.

Sababu nyingine ya klik kukosekana ni kwamba jibu limeshaonekana pale pale kwenye matokeo. Mtu anauliza "Ah ni nini", Google inamuonyesha mstari mmoja, ampea kwa saa, kaelewa au kadhani kaelewa, kaondoka. Hapo huwezi kumlazimisha abofye. Unachoweza ni kuifanya taito ibebe swali lake la pili, lile ambalo mstari mmoja haulijibu, maana hakuna anayeuliza Ah kwa kupenda herufi, anataka kujua betri aliyoonyeshwa itawasha nini. "Ah kwenye betri ni nini? Betri ya 100Ah itawasha nini na kwa muda gani". Alafu ndani umpe hesabu kweli: betri ya 12V 100Ah ni 12 mara 100, yaani Wh 1200, ila kama ni ya risasi na asidi asiitumie zaidi ya nusu ili isife mapema, kwa hiyo zinabaki Wh 600, TV ya wati 60 na taa za wati 40 jumla wati 100, ni kama masaa 6, na pungufu kidogo ukiweka inveta katikati maana nayo inakula. Ukiahidi hivyo kwenye taito na peji isiwe na hesabu hiyo, bora usingeahidi.

Na kuna ile ya taito kukatwa. Google inakata kwa upana sio kwa idadi ya herufi, kwa kompyuta ni karibu pikseli 600, kwenye simu inatofautiana. Usihangaike kuhesabu. Hakikisha tu neno lenyewe liko mwanzoni na jina la duka liko mwisho, ili kikikatwa kitu kikatwe jina la duka.

Dalili: Google inaonyesha taito ambayo hukuiandika

Tangu Agosti 2021 Google imekuwa wazi kwamba taito inayoonyesha inaweza isiwe ile ya kwenye `<title>`, inaweza kuchukua kichwa kikubwa cha kwenye peji au hata maandishi ya linki zinazoelekea kwenye peji. Kwenye faharasa hii hutokea sana kwa sababu peji zinatoka kwenye templeti moja. Unakuta zote ziko hivi:

```html
<title>Faharasa ya Maneno ya Umeme wa Jua | MPPT</title>
<h1>Faharasa</h1>
```

Maneno saba ya mbele yanajirudia kwenye peji zote, neno moja la mwisho ndilo linalobadilika, na kichwa kwenye peji hakisemi chochote. Google haina pa kushika. Mara inaweka "MPPT" tupu, mara inaweka jina la websaiti. Geuza templeti, neno lianze, na kichwa cha peji kiseme kitu kile kile kinachosema taito:

```html
<title>MPPT ni nini? Kazi yake kwenye kontrola ya sola</title>
<h1>MPPT ni nini?</h1>
```

Havitakiwi kufanana herufi kwa herufi, vikubaliane tu. Pita pia kwenye menyu yako ya A mpaka Z uangalie linki zimeandikwaje, kama kila linki inasema "soma zaidi" unainyima Google msaada mwingine wa bure.

Dalili: peji mbili zinapokezana

Hii inachukua muda kuiona kwa sababu kila peji ukiitazama peke yake haina ubaya. Fanya kinyume cha tulivyofanya juu, kwenye Performance chagua neno badala ya peji, kisha angalia Pages. PWM na MPPT ni aina mbili za kontrola, tuchukue mfano wa faharasa yenye peji tatu: "PWM ni nini", "MPPT ni nini" na "Solar charge controller ni nini". Chagua neno "tofauti ya pwm na mppt" na utaona zote tatu zinatokea, wiki hii moja wiki ijayo nyingine, Position inapanda na kushuka, klik zimegawanyika.

Sababu ni kwamba kila moja ya hizo tatu ina aya mbili za kulinganisha, na hakuna hata moja ambayo taito yake inasema tofauti. Na anayeandika "tofauti ya" sio yule wa "ni nini". Huyu ameshakutana na maneno yote mawili, kakuta kontrola mbili dukani zote 30A, moja bei yake mara kadhaa ya nyenzake, anataka kujua kwa nini. Huyu anastahili peji yake: "Tofauti ya PWM na MPPT: ipi inakufaa". Kisha zile peji tatu zipunguze, sehemu ya kulinganisha ibaki sentensi moja na linki ya kwenda huko.

Na hiyo peji ya tofauti isiishie kusema MPPT ni bora. Mpe namba aione. Paneli ya wati 100 ya mfumo wa 12V, kwenye stika Vmp, yaani volti yake inapotoa nguvu nyingi zaidi, ni kama 18V na Imp, ampea zake hapo hapo, kama 5.5. PWM inaiunganisha paneli na betri moja kwa moja, kwa hiyo paneli inavutwa ishuke mpaka volti ya betri, tuseme 13V, na 13 mara 5.5 ni kama wati 72. Zile 28 zimepotea njiani. MPPT inaiacha paneli ifanye kazi kwenye 18V yake, inaushusha umeme kuwa 13V na kuongeza ampea, betri inapata ampea 7 na zaidi badala ya 5.5. Kwa paneli moja ndogo ya kuwasha taa tofauti hiyo hailipi bei ya MPPT, kwa paneli kubwa za volti 30 na zaidi ukizifunga na PWM kwenye betri ya 12V unatupa zaidi ya nusu. Mtu akisoma hivyo anaamua mwenyewe, na taito "ipi inakufaa" imetimizwa.

Ukiamua mojawapo ya zile tatu ifutwe kabisa, usiifute ikabaki tupu, ielekeze kwa 301, yaani amri inayomhamisha msomaji moja kwa moja, kwenda kwenye peji iliyochukua maelezo yake.

Dalili: watu wanaingia lakini wanatoka hapo hapo

Soma taito, alafu soma sentensi ya kwanza ya peji kwenye simu bila kuskrol. Taito inasema "MPPT ni nini?" na peji inaanza na historia ya umeme wa jua, au na picha kubwa na tangazo la paneli. Anayeuliza ni nini anatakiwa aone "MPPT ni njia ya kontrola ya..." ndani ya skrini ya kwanza. Kingine ni taito kutaja bei wakati peji haina bei, wengi wanaibandika kwa sababu mapendekezo ya Google yanaonyesha "inverter bei". Huyo wa bei yuko kwenye safari nyingine, mpeleke kwenye peji ya bidhaa.

Ukishabadilisha

Badilisha taito, anwani ya peji iache kama ilivyo hata kama ina lile neno la zamani. Weka peji kwenye URL Inspection, bonyeza Request indexing, na kwa peji nyingi usibonyeze moja moja, sasisha ramani ya saiti tu. Inaweza kuchukua siku kadhaa au wiki mpaka taito mpya ionekane, kwa hiyo thibitisha kwa kutafuta lile neno lenyewe uone imeshabadilika ndio uanze kuhesabu. Baada ya hapo subiri siku 28, tumia Compare kulinganisha na siku 28 za kabla, peji moja moja. Kwenye sola angalia pia usilinganishe mwezi ambao umeme ulikuwa unakatika sana na mwezi ambao ulitulia, kwenye mgao kila mtu anatafuta inveta na utaisifia taito kwa kazi ambayo haikuifanya. Kama miezi hiyo haifanani, chukua peji tano ulizozibadilisha na tano ambazo hujazigusa uone kama zimepishana.